Marejeo si Mali ya Mchungaji

Kaa kwenye kikao chochote cha viongozi wa jumuiya hapa Tukuyu, kiwe ni cha Wamoravian, Walutheri au Wapentekoste, na hutakawia kusikia hoja hii: watu wa nyumba kwa nyumba wapewe mstari mmoja, maelezo mafupi, maombi, sadaka, basi. Zile herufi ndogo na namba zilizopo kwenye Biblia zao, zinazosema tazama Danieli, tazama Kumbukumbu, waachiwe waliosoma chuo. Ukimfundisha mama wa hapa Msasani kufuata marejeo, wanasema, kesho atajiona mchungaji, keshokutwa atahama na nusu ya jumuiya.

Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao wamezika waumini, wamesuluhisha ndoa, wametembea kwa miguu kwenye matope ya Rungwe ambako mvua haina likizo. Hofu yao ina sababu, maana kila mmoja ameshuhudia kundi likimeguka kwa ajili ya mstari mmoja uliosomwa vibaya. Ninachopinga ni dawa yao. Wanadhani mtu asiyefundishwa marejeo hatumii marejeo, kumbe anayatumia kila siku, ila bila utaratibu.

Sikiliza ushuhuda wowote wa Jumatano jioni. Mtu anataja Yeremia 29:11, anaruka kwenda Zaburi, anagusa Wafilipi, anamalizia na Ufunuo, na kila anapotua ni kwa sababu neno moja limefanana. Hiyo ni kazi ya marejeo. Ameifanya kwa kumbukumbu, kwa haraka, na hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuipima. Kama ni uzushi tunaouogopa, basi mlango umekuwa wazi siku zote. Tulichokifunga ni dirisha la kuingizia mwanga.

Tuuchukue huohuo Yeremia 29:11, kwa kuwa ndio mstari unaobandikwa kwenye kalenda za ukutani, kwenye vioo vya daladala na kwenye kadi za harusi. Kila mtu anaujua: Mungu anasema ana mawazo ya amani juu ya watu wake na atawapa tumaini. Katika jumuiya nyingi unasomwa peke yake, na maelezo yake ni kwamba mwaka huu mtoto atafaulu, duka litafunguka, nyumba itaezekwa. Wote wanaitikia amina. Sasa tuone kinachotokea ukitumia njia rahisi ambayo mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kuishika jioni moja.

Kwanza usiguse marejeo yoyote. Soma kifungu chote, tangu 29:1 hadi 29:14, kwa sauti, wasomaji wawili wakipokezana. Hapa penye Biblia za namna nyingi ndani ya sebule moja ndipo panapopendeza: mmoja ana Union Version iliyochakaa, mwingine ana Habari Njema, bibi ana ya Kinyakyusa, kijana ana ya kwenye simu. Asomapo mmoja, wengine wanafuata kwenye zao, na zinapotofautiana wanasimama wanaulizana. Kisha yanaulizwa maswali ambayo majibu yake yamo kwenye ukurasa: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, limetokea nini, neno gani limerudiwa.

Majibu yanakuja bila mchungaji. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu ambao Nebukadreza amewahamishia Babeli. Barua imebebwa na watu wawili waliotajwa majina katika mstari wa 3. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, waozeshe, na wauombee amani mji wa adui aliyewateka. Halafu mstari wa 10, ambao hauandikwi kwenye kalenda yoyote, unasema itatimia miaka 70 ndipo warudishwe. Hapo kimya huingia sebuleni, kisha mtu anapiga hesabu: aliyechukuliwa akiwa na miaka 20 angerudi akiwa na 90. Maana yake wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli. Ahadi ya mstari wa 11 ilikuwa ya kweli, lakini si ya mwaka huu, wala si ya mtu mmoja na duka lake. Ni ya taifa zima, na ilipitia kwenye makaburi.

Ndipo marejeo yanapoingia. Kanuni niifundishayo ni ukaribu. Ukitaka kumjua mtu wa Msasani, huanzi kuuliza Mbeya mjini, unaanza na jirani wa ukuta mmoja, kisha mtaa, kisha kata. Vivyo hivyo na mstari: anza na sura ileile, kisha kitabu kilekile, kisha vitabu vya wakati uleule, na mwisho ndipo uende mbali. Mtu anayetoka Yeremia moja kwa moja hadi Ufunuo amewapita majirani wote.

Jirani wa kwanza wa 29:11 ni sura ya 28. Kwa kuwa sura zimegawanywa, watu hudhani hadithi imekwisha pale namba kubwa inapotokea. Mgawanyo ule haukuandikwa na Yeremia. Sura tunazotumia leo zilipangwa Ulaya katika karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya zilichapishwa na Robert Estienne mwaka 1551. Ni kazi ya watu, nzuri lakini ya watu, na mwanajumuiya anapaswa kuambiwa hivyo wazi, pamoja na kwamba hata orodha ya marejeo chini ya ukurasa ni maoni ya wahariri, wala si Andiko. Mhariri anasema tu: nadhani hapa panahusiana na pale. Wewe nenda ukaangalie kama ni kweli.

Katika sura ya 28 yumo nabii Hanania. Yeye alitangaza hekaluni kwamba nira ya Babeli itavunjwa na watu watarudi ndani ya miaka miwili. Bila shaka alipendwa sana. Yeremia akampinga, na sura inamaliza kwa kusema Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Ukiisoma 28 kabla ya 29, unajua barua ile ilikuwa inampinga nani. Waliohamishiwa Babeli nao walikuwa na wahubiri wa namna hiyo, na 29:8-9 inawataja kama wadanganyifu. Kwa hiyo anayeutumia 29:11 kuahidi mafanikio ya haraka amechukua maneno ya Yeremia na kuyatia kinywani mwa Hanania. Sijawahi kuona mahubiri ya dakika 40 yaliyolifikisha jambo hili kwa nguvu kama inavyofanya sura ya 28 yenyewe ikisomwa na muumini kwa sauti yake.

Jirani wa pili anapatikana kwa lile neno lililorudiwa, amani. Limo katika 29:7 na 29:11. Rudi nyuma katika kitabu hichohicho hadi 6:14 na 8:11, ambako Yeremia anawashutumu makuhani na manabii wanaowatuliza watu kwa kutangaza amani wakati amani haipo. Kwa hiyo ndani ya Yeremia kuna amani ya uongo na amani ya kweli, na ile ya kweli, kwa mujibu wa 29:7, inapatikana kwa kuombea mji unaoishi ndani yake. Mzee mmoja alipofika hapo aliuliza kama hiyo ina maana jumuiya iombee na ofisi ya mtendaji wa kata. Wakacheka. Lakini ndivyo kifungu kinavyosema, na hakuna aliyelifikiria kabla.

Wa tatu yuko mbali kidogo: Danieli 9:2. Huyu napenda kumkawiza hadi mwisho, kwa sababu Danieli mwenyewe anafanya kazi tunayobishania. Yuko uhamishoni, si kuhani, ni mtumishi wa serikali. Anasoma kitabu cha Yeremia, anaiona ile miaka 70, anahesabu. Na akishaelewa, hatangazi sherehe. Mistari inayofuata inamwonyesha akifunga, akivaa magunia, akiungama dhambi za watu wake, sala ndefu inayokwenda hadi mstari wa 19. Msomaji huyu wa ahadi ile aliitafsiri kwa toba. Ukitaka kujua kama Danieli alielewa sawasawa, linganisha na Yeremia 29:12-14 yenyewe, inayosema watamtafuta Mungu kwa moyo wote, na Kumbukumbu la Torati 4:29-30, ambako jambo hilohilo lilisemwa kabla ya watu kuingia katika nchi. Hapo mduara umefungwa.

Marejeo matatu tu, na mstari wa kwenye kioo cha daladala umekuwa kitu kingine. Naomba anayesema kazi hii ni nzito kwa watu wa kawaida anionyeshe uzito uko wapi. Hakuna Kiebrania. Hakuna kamusi. Kuna kusoma, kuuliza na kufunua ukurasa.

Sasa nirudi kwenye hoja ya uzushi, maana ndiyo yenye nguvu. Wapinzani wana andiko lao, 2 Petro 3:16, ambako Petro anasema katika nyaraka za Paulo yamo mambo magumu kuelewa, nayo hupotoshwa na watu fulani kwa maangamizi yao. Ni andiko zuri. Lakini tazama Petro anawaelezaje hao wapotoshaji: ni watu wasio na elimu, wasio imara. Ugonjwa ni kutofundishwa. Mtu anawezaje kuusoma mstari huo na kuagiza watu wasifundishwe? Na mstari wa 18, unaofunga waraka, unawaagiza wasomaji wakue katika kumjua Bwana. Barua ile haikuandikiwa chuo cha theolojia.

Wanaleta pia 2 Petro 1:20, kwamba unabii haufasiriwi na mtu apendavyo tu. Soma mstari wa 21. Unaeleza unabii ulitoka wapi: haukutoka katika mapenzi ya mwanadamu. Suala ni chanzo cha unabii, wala hakuna neno hata moja juu ya nani aruhusiwe kufunua Biblia sebuleni. Nimewahi kuulizwa na mwinjilisti, akiwa amekasirika kidogo, kama sasa kila mtu awe mfasiri. Nilimwambia, mwalimu, umenisomea mstari mmoja ukauacha wa pili, na hicho ndicho ninachotaka wanajumuiya wajue kukigundua.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Mathayo 4. Mjaribu anamnukulia Yesu Zaburi 91:11-12, juu ya malaika watakaomchukua mikononi. Nukuu ni ya Andiko halisi. Fungua Zaburi ile na uone mambo mawili: kuna maneno ya mstari wa 11, juu ya njia zote za mtu, ambayo hayamo katika nukuu ya mjaribu, na mstari wa 13, unaofuata mara moja, unazungumzia kumkanyaga simba na nyoka. Aliishia pazuri kwake. Yesu hamjibu kwa kusema mambo haya ni ya makuhani. Anajibu kwa andiko jingine, Kumbukumbu 6:16, linalokataza kumjaribu Mungu, nalo linataja Masa. Ukifuata Masa unafika Kutoka 17:1-7, ambako watu wenye kiu waliuliza kama Mungu yuko kati yao au hayuko. Kujirusha kutoka kinara cha hekalu kungekuwa kuuliza swali lilelile. Rejeo baya liliponywa na rejeo zuri. Halikuponywa kwa kumnyima mtu Biblia.

Na kwa wale wanaosema nyumbani si mahali pa mafundisho mazito, Matendo 18:24-28 inawasubiri. Apollo alikuwa msomi wa Aleksandria, hodari katika Maandiko, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Waliomsahihisha ni Prisila na Akila, mafundi wa mahema, na walimchukua kwao. Baada ya hapo alikwenda Akaya na kuwashinda wapinzani wake hadharani kwa Maandiko. Mume na mke wenye kazi ya mikono walimnyoosha mhubiri, na mhubiri akakubali.

Sitaki nionekane nadhani njia hii haina mitego. Mtego mkubwa ni neno linalofanana. Biblia ya kwenye simu imeufanya kuwa mkubwa zaidi: kijana anaandika "simba" kwenye kisanduku cha kutafutia, anapata orodha ndefu, anaanza kuunganisha. 1 Petro 5:8 unamfananisha Ibilisi na simba angurumaye. Ufunuo 5:5 unamwita Kristo Simba wa Yuda. Ukiunganisha kwa neno peke yake umeumba kitu cha kutisha. Chachu ni hivyohivyo: katika Mathayo 13:33 ni mfano wa ufalme wa mbinguni, katika Mathayo 16:6-12 ni mafundisho ya Mafarisayo na Masadukayo. Ndiyo maana kila rejeo ninaliuliza swali moja: linahusiana kwa namna gani? Je, ni nukuu, kama Mathayo 4 na Zaburi 91? Je, ni tukio lilelile likisimuliwa mahali pengine? Je, ni fundisho lilelile? Au ni neno tu? Aliyepata "neno tu" anaandika hivyo kwenye daftari na kuliacha. Utamtambua mtu aliyeelewa pale anapokataa rejeo kwa mdomo wake mwenyewe na kutoa sababu.

Dalili ya kuharibika nayo inaonekana mapema. Marejeo yakizidi manne, watu wanasahau kifungu cha kwanza kilisema nini. Mtu akishindwa kueleza mstari kwa sentensi moja ya maneno yake, kwa Kiswahili cha sokoni au kwa Kinyakyusa, ujue alikuwa akikusanya namba. Hapo mnarudi kwenye kifungu, mnasoma tena. Na vipo vifungu ambavyo jumuiya inavifikisha hadi swali, kisha swali linaandikwa na kupelekwa kwa mchungaji: hesabu za Danieli 9:24-27, au sehemu kubwa ya Ufunuo. Mchungaji hapotezi kazi. Anapata kazi bora, ya kujibu maswali ya watu waliokwisha kusoma.

Kuna pingamizi la upande mwingine, la ndugu wanaosema Roho atafundisha, mtu asikilize neno lililomgusa, inatosha. Ndugu Wakatoliki wana njia ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, nayo imezisaidia sana jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1976. Ninaiheshimu: imewapa sauti akina mama ambao kanisani walikuwa wakikaa kimya. Lakini inapotumiwa harakaharaka, swali la nini kimenigusa linatangulia swali la nini kimesemwa. Mstari wa 11 wa Yeremia 29 utamgusa kila mtu. Ni mstari wa 10 unaohitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hofu hii ya marejeo inasikika Rungwe, ambako Wamoravian wapo tangu 1891. Desturi yao ya neno la siku ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na kitabu chake cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Kinafanyaje kazi? Mstari wa Agano la Kale unapatikana kwa kura, kisha mtu anauchagulia mstari wa Agano Jipya unaoendana nao. Yaani kila asubuhi familia ya Kimoravian inawekewa mezani mistari miwili iliyounganishwa, bila maelezo ya kwa nini imeunganishwa. Ni zoezi la marejeo lenye umri wa karibu miaka 300, na tunalisoma kama salamu. Ninachoomba ni kidogo: jumuiya ichukue mistari ya siku hiyo, ifungue vifungu vyote viwili ilikotolewa, na iulize aliyeichagua ameona nini. Mara nyingine watakubaliana naye. Mara nyingine watasema uhusiano ni wa neno tu, na watakuwa sahihi.

Hoja ya muda haina uzito. Jumuiya inakaa kama saa moja. Kusoma kifungu mara mbili na maswali yake ni nusu saa, marejeo matatu ni dakika 20, sentensi ya kila mmoja ni dakika kumi. Maombi yakizidi hapo, hakuna aliyewahi kulalamika Msasani kwa maombi kuzidi, hasa mvua ikiwa bado inanyesha nje.

Kwa hiyo hili liende kwa wanaoandaa miongozo ya masomo ya jumuiya. Miongozo hiyo huja na mstari mkuu, marejeo sita yaliyokwisha kupangwa na hitimisho lililokwisha kuandikwa, kiongozi akasome tu. Andikeni kifungu chote badala ya mstari mmoja. Badala ya marejeo sita wekeni nafasi tatu: moja ijazeni rejeo la mfano na aina yake. Nafasi mbili zinazobaki, pamoja na ile ya hitimisho, ziacheni tupu, zijazwe kwa kalamu na watu watakaokuwa wamekaa pale.